Sauti ya Tatu

Harufu ya kitabu kilichowahi kulowa kikakauka siwezi kuifananisha na nyingine. Ina vumbi ndani yake, ina gundi ya kale, na ina kitu kama uyoga. Mwaka huu nilinunua kamusi kuukuu kwa muuza vitabu wa barabarani, na nilipoifungua, ile harufu ilinipanda puani nikalazimika kukaa chini. Sikufikiria kamusi. Nilimfikiria binamu yangu Hadija, na wivu niliokuwa nao juu yake tulipokuwa watoto Korogwe. Watu wa umri wangu huzungumzia wivu wa utotoni wakicheka. Mimi wangu siwezi kuucheka, kwa sababu nakumbuka ulivyouma.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya. Kanisani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, moja ya sauti zake ilikuwa imekufa, na kila Jumamosi alasiri Baba alinichukua kwenda kukifanyia mazoezi. Yeye alipiga, mimi nilikaa pembeni nikifungua kurasa. Alinifundisha kusoma noti: mistari mitano, nafasi nne katikati yake, kila noti na nyumba yake. Sikuwa na kipaji kikubwa, ila nilikuwa na mwandiko safi kuliko mtoto yeyote darasani, na Baba alinipa karatasi za kwaya nizinakili. Saa zile za Jumamosi zilikuwa zangu. Wadogo zangu hawakuwa nazo.

Halafu akaja Hadija. Mama yake ni shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Babu yetu, baba yao, kabla hajarudi kwao Kwashemshi kufundisha, alifanya kazi ujanani mwake upande wa Handeni. Alipata marafiki kule, na kupitia urafiki huo shangazi akaolewa Sindeni katika familia ya Kiislamu ya wakulima, akaslimu, akatulia. Shangazi alipougua mgongo, ikaamuliwa Hadija aje kusoma kwetu. Alikuwa amenizidi miezi michache tu. Alifika na begi la plastiki na kuku aliyefungwa miguu, akampigia Baba magoti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani."

Mwanangu. Nililisikia neno hilo nikiwa nimesimama na ndoo mkononi.

Hadija alikwenda madrasa jioni, na Jumapili alibaki nyumbani kupika. Kanisani hakuingia kuimba, wala hakuna aliyemlazimisha. Lakini alikuwa na sikio. Baba akipiga mluzi wimbo asubuhi, Hadija aliurudia mchana akiwa anachambua mchele, bila kukosea, na kama Baba alikuwa ameukosea, yeye aliurekebisha. Siku moja treni ya mizigo ilipiga honi, naye akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ile sauti ya kinanda iliyokufa." Nilikuwa nimemchukua kanisani mara moja tu kumwonyesha. Baba alitoka nje ya nyumba kumtazama.

"Huyu ana sikio la Babu yao," akamwambia Mama.

Mimi nililielewa jambo hilo kama mtoto. Niliamini kuna sikio moja, la Babu, lililokuwa lipokelewe na mjukuu mmoja, na kwamba nilikuwa nimenyang'anywa. Nilichukua kioo cha Mama nikayachunguza masikio yangu. Kisha nikayachunguza ya Hadija alipolala. Yake yalikuwa madogo, yamelala vizuri kichwani. Yangu yalisimama. Nilishinda wiki nzima nimejifunga kitambaa.

Jumamosi iliyofuata Baba alituchukua wote wawili kwenye kinanda. Ndivyo saa zangu zilivyokwisha.

Bibi wa Kwashemshi, mjane wa Babu, alifariki mvua za masika zilipoanza. Baba alirudi kutoka matangani na gunia la vitabu vya Babu. Watu wote kule walijua kwamba Babu alitunga nyimbo, lakini hakuna aliyeweza kuuonyesha hata mmoja. Karatasi zake ziliwekwa kwenye sanduku la mbao, na mchwa waliingia. Baba alikuwa amekua akisikia habari za nyimbo hizo kama mtu anayesikia habari za shamba la familia lililouzwa kabla hajazaliwa.

Tulivianika vitabu juani kwenye mkeka. Kimoja kilikuwa kitabu kikubwa cha kwaya cha Kijerumani, jalada limevimba, na humo ndimo harufu ile ilimotoka. Mimi ndiye niliyekifungua. Katikati ya kurasa, imegandamana na ukurasa wa jirani, kulikuwa na nusu ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Juu ilichanika, kwa hiyo jina la wimbo, kama lilikuwepo, halikuwepo tena. Upande wa kushoto ulikuwa umeliwa na mchwa kwa mkato wa mawimbi. Zilibaki safu mbili za mistari mitano, iliyochorwa kwa rula na kalamu ya wino, na noti juu yake. Chini ya noti hapakuwa na maneno, ila herufi moja tu imerudiwarudiwa: e, e, e.

Baba alichuchumaa. Hakuigusa kwa muda.

"Nani ameikuta?"

"Mimi, Baba."

Aliniwekea mkono kichwani. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokuwa na furaha kuliko zote za mwaka ule.

Karatasi ilikuwa ikimomonyoka kila ikiguswa, kwa hiyo Baba alinipa mimi kazi ya kuinakili, mimi, mwenye mwandiko, halafu akaifunga ile ya asili katikati ya gazeti na kuiweka juu ya kabati. Niliinakili kwa ulimi nje. Mwanzoni mwa kila safu palikosekana ile alama inayoonyesha noti zinasomwaje, yaani ufunguo, kwa kuwa mchwa walikuwa wameula. Nikauchora ule wa kawaida wenye umbo la nyoka aliyejikunja, niliouona katika karatasi zote za kwaya. Baada yake mchwa walikuwa wameacha alama ya flati moja, kama herufi b ndogo iliyochongoka chini. Nikaiweka. Zikafuata tarakimu mbili, sita juu ya nane, kisha noti zote moja baada ya nyingine.

Baba aliupiga wimbo ule kutoka kwenye nakala yangu, na ulikuwa wa huzuni sana. Ulianzia noti ya la, ukapanda kidogo, ukashuka, ukaishia la tena, kama mtu anayetoka mlangoni, anaangalia barabara, anarudi ndani. Baba alisema labda ni wimbo wa msiba. Mimi nikaamua moyoni kwamba Babu aliutunga kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe na kuuficha usiimbwe mapema. Nikaogopa hata kuupiga mluzi.

Baba alifunga safari ya Kwashemshi kutafuta mwandiko wa Babu wa kulinganisha, na alinichukua mimi peke yangu. Hadija alikuwa na mitihani ya madrasa. Tulipanda milima kwenye gari la abiria lililojaa vikapu vya matunda, nami nilikaa dirishani nikitamani barabara ingekuwa ndefu zaidi. Katika sakristia ya kanisa la kule kulikuwa na karatasi moja tu ya kwaya yenye sahihi ya Babu. Baba alikuwa amekwenda na ile ya asili ndani ya gazeti lake. Akaziweka pamoja mezani.

"Tazama noti nyeupe," aliniambia. "Watu wengi mkia wa noti wanaushusha ubavuni mwake. Huyu anaushusha katikati, kama kijiti cha pipi. Na mistari miwili ya mwisho wa wimbo inainama kulia. Unaona? Hapa na hapa."

Niliona. Ulikuwa mkono uleule.

"Basi ni wake," nikasema.

"Mwandiko ni wake. Mwandiko siyo utunzi. Mimi mwenyewe nimeandika mamia ya nyimbo za watu." Akainamia karatasi zaidi. "Lakini hapa amekwangua noti akaweka nyingine. Anayenakili akikosea, huweka kitu kisichoingia kabisa. Hii aliyoikwangua ingeingia, na aliyoiweka inaingia. Huyu hakukosea. Alikuwa anachagua."

Alinitazama macho yakimeta. Nilimwona anavyotaka. Nami nilitaka vilevile, kwa sababu yangu: kama Babu ndiye mtunzi, na mimi ndiye niliyeikuta karatasi, basi sikio dogo zuri la Hadija lingekuwa si kitu.

Jambo lililobaki lilikuwa kuupata wimbo wenyewe. Baba aliwaimbia wazee wa Kwashemshi, akawaimbia wanakwaya wa Korogwe. Hakuna aliyeutambua. Mzee mmoja alisema unafanana na kilio cha mtu asiyejua anamlilia nani.

Hadija naye hakuupenda. "Mjomba, huu hauendi mahali," alisema. "Kama mtu anasoma herufi lakini siyo neno."

"Soma wewe basi," nikamwambia. Baba akanikata jicho.

Siku moja Baba aliishusha karatasi ya asili kuitazama tena ile sehemu iliyokwanguliwa, na Hadija akawa amesimama nyuma yake. Alikuwa mgeni wa noti, bado anahesabu mistari kwa kidole. Mimi sikuwa nahesabu tena. Nilikuwa natazama tu na kujua. Akaitazama ya asili, akaitazama nakala yangu, akarudia.

"Mjomba, kwa nini hii flati imekaa hapa, na ya huku imekaa pale?"

Baba akachukua nakala. Katika nakala yangu flati ilikaa kwenye mstari wa katikati, mahali inapokaa siku zote katika karatasi za kwaya. Katika ile ya asili ilikaa juu kidogo, kwenye nafasi ya tatu. Safu zote mbili, mahali pamoja. Nilikuwa nimeiona nilipokuwa nanakili. Niliona imekaa vibaya, nikaikalisha vizuri, kama unavyomnyooshea mtu kola.

Baba hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisahau kabisa kwamba nipo.

"Hadija, mwanangu," alisema polepole. "Flati ikiwa moja, haikai popote inapotaka. Inakaa kwenye nyumba ya noti moja tu, ile tunayoiita B. Kwa hiyo kama flati iko hapa, basi B iko hapa. Na kama B iko hapa, C iko juu yake, kwenye mstari wa nne. Huo siyo ufunguo tunaoutumia sisi."

Akakifungua kile kitabu cha Kijerumani tulimoikuta karatasi. Mle ndani kila sauti ilikuwa na safu yake, na kwenye safu ya tatu kutoka juu kulikuwa na ufunguo ambao sikuwahi kuutazama kwa makini, kama mabawa mawili yaliyokutana kwenye mstari wa nne. Baada yake, flati. Kwenye nafasi ya tatu.

"Sauti ya tatu," Baba alisema. "Zamani ndivyo walivyoiandika. Babu yenu alijifunza kwenye kitabu hiki, akaandika hivihivi." Akaketi. "Tumekuwa tukisoma kila noti hatua moja juu ya mahali pake."

Akaandika upya kwa do-re-mi, kila noti ikishuka hatua moja. La ikawa so, ti ikawa la. Akaimba: so, so, la, so, fa, mi. Huzuni yote iliondoka. Ulikuwa wimbo mchangamfu, wa kutembea, karibu wa kucheka. Hakuna mtu angezikwa nao. Hadija alipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na nilichokililia hakikuwa kosa langu. Nilililia lile "Hadija, mwanangu".

Sasa mambo yalikwenda haraka, ila si mpaka mwisho. Wimbo uliishia so, na wimbo wenyewe kwa kawaida huishia do, nyumbani. Kwa hiyo tulichokuwa nacho hakikuwa wimbo bali ubavu wake, sauti ya tatu inayotembea chini ya nyingine. Ndiyo maana wazee hawakuutambua. Ukimwimbia mtu sauti ya tatu peke yake, hata wimbo anaoujua tangu utotoni ataukataa.

Baba alisema njia ni moja: kushika sauti hii na kuweka juu yake kila wimbo unaowezekana, mpaka mmoja ukubali. Wanaume wa kwaya walikuwa mashambani wiki ile. Baba alinitazama.

"Wewe sauti yako nzito. Utashika hii."

Nilikuwa na sauti nzito kweli, watoto wenzangu walinicheka shuleni wakisema nimemeza debe. Jumapili baada ya chakula tulikaa barazani, mimi nikiwa na ile sauti ya tatu, Mama akijaribu juu yangu nyimbo za ibada. Nyingine ziligongana nami tangu neno la kwanza. Nyingine zilikwenda sawa hatua chache halafu zikanichapa. Nilijifunza kuziba sikio moja na kutokumfuata Mama. Kulikuwa na sehemu ambapo sauti yangu ilinyamaza vyumba viwili vizima, yaani vile vipande vya wimbo vinavyogawanywa na mistari ya wima, maana Babu alikuwa amechora pale alama za mapumziko, vijiti vyeusi vinavyoning'inia chini ya mstari wa nne. Niliimba vyumba viwili, nikanyamaza viwili, nikaimba viwili. Safu ya pili nilinyamaza vyumba vitatu. Baba alidhani hapo Babu alihesabu vibaya.

Ni Mama aliyechoka kwanza. "Baba Eliya," alimwambia mumewe, "nyimbo za kanisani wote wanaanza pamoja, wanamaliza pamoja. Huyu mbona anangoja? Anamngoja nani?"

Baba akaivuta nakala karibu.

"Na hizo e, e, e," Mama akaendelea, akikusanya vyombo. "Huyu hatoi neno. Huyu anaitikia."

Basi haukuwa wimbo wa ibada. Kulikuwa na mtu aliyetangulia, na kundi lililoitikia, na Babu alikuwa katika kundi. Lakini nyimbo za kuitikia ni nyingi kama majani, za kulima, za kutwanga, za harusi, na waliozijua wakati wa Babu walikuwa wamekwisha. Baba aliikunja nakala mpya. Likizo ikaanza, Hadija akaenda kwao Sindeni, na kwa wiki ile moja Jumamosi ilikuwa yangu tena. Nilikaa kando ya kinanda nikifungua kurasa. Baba alipiga huku anafikiri kitu kingine.

Ujumbe ulikuja kwa kijana wa basi. Hadija alikuwa anapalilia na bibi yake, mama wa baba yake, na bila kufikiri alikuwa akiimba ile sauti yetu ya tatu. Bibi alisimamisha jembe. Akamwuliza ameitoa wapi. Halafu akaimba kitu, na vikaingiana.

Tulikwenda Jumamosi, Baba na mimi, kwa basi la Handeni. Upande ule nchi ni kavu kuliko kwetu, na tulipishana na ng'ombe wa Wamasai barabarani mpaka basi likazimika likingoja. Njia nzima nilikuwa nimenuna. Karatasi niliikuta mimi. Nimeishika sauti ile mpaka koo likakauka. Na sasa tungepiga magoti kwa bibi yake Hadija, katika nyumba ya Hadija, tuambiwe wimbo ni wa nani.

Bibi Mwanaidi alikuwa mwembamba, kanga mbili, miguu imejaa udongo wa shamba. Baba alimwamkia kwa heshima akakaa kwenye kigoda. Shangazi alituletea maji. Hadija alisimama kando ya bibi yake, amejaa furaha kama aliyeshinda, au mimi ndivyo nilivyomwona.

"Mwalimu alikuwa kijana," Bibi alisema, na kwa mwalimu alimaanisha Babu. "Alikuja kufundisha kusoma. Tulikuwa tunalimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, naye alikuja na jembe lake. Hakujua kulima. Tukiimba, wenzake waliitikia kama sisi, yeye akaitikia chini chini, njia yake mwenyewe. Wanaume wakamcheka. Mimi nikawaambia mwacheni, inakaa vizuri."

"Na wimbo, Mama? Wimbo ulikuwa wa nani?" Baba aliuliza.

"Wangu."

"Yaani uliupenda."

"Niliutunga," Bibi alisema bila kupandisha sauti. "Ndege walinilia mtama wote mwaka ule. Namwuliza ndege, mbona umekula kwangu ukapita kwa jirani. Watu wakaupenda."

Baba aliangalia mikono yake. Nilimjua. Hakumwona Bibi kuwa mwongo, lakini alikuwa amesafiri mbali na tumaini moja na hakutaka kuliacha mlangoni. Alimwomba auimbe.

Bibi akaimba Kizigua, amefumba macho, na Baba akanipa ishara. Aliita vyumba viwili. Nikaitikia viwili. Aliita tena viwili. Nikaitikia. Haikugongana popote. Halafu akaita mara ya tatu, ambapo anamtaja yule ndege kwa jina, na jina lile alilivuta, akalivuta, kama anamfukuza kwa mkono mpaka mwisho wa shamba. Nilihesabu kichwani kwa mazoea. Moja. Mbili. Tatu. Kisha nikaingia, mahali palepale Babu alipoandika niingie.

Baba aliinua kichwa.

Shangazi alikuwa ameuimba pia asubuhi ile tulipofika, jinsi ulivyoimbwa siku hizi, na mwito wake wote ulikuwa wa vyumba viwiliviwili. Wanawake wote wa Sindeni waliuimba hivyo, walikuwa wameunyoosha. Bibi peke yake ndiye aliyelivuta lile jina, kwa kuwa ndege alikuwa wake na mtama ulikuwa wake. Na ile karatasi ilikuwa na vyumba vitatu vya kunyamaza. Babu hakuhesabu vibaya. Alikuwa amesimama karibu naye akimsikiliza.

Baba alitoa kalamu, akauandika wimbo mzima tangu mwito wa kwanza. Juu aliandika: Wimbo wa Mwanaidi, Sindeni. Chini yake: sauti ya tatu, na jina la Babu. Akalitazama jina hilo la baba yake lililokaa chini.

"Nilitaka uwe wake wote," aliniambia taratibu. "Unaelewa?"

Nilielewa. Sikujua kwamba watu wazima nao huona wivu, tena kwa ajili ya baba aliyekwisha kufa.

Lakini Bibi Mwanaidi hakuwa akimsikiliza Baba. Alikuwa ananitazama mimi. Wakati wote nilipokuwa naimba hakunitazama, macho yake yalikuwa yamefumbwa, na sasa ni kama alikuwa anamtafuta mtu kwenye uso wangu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa huyu, Bibi."

"Ndiyo sauti yake," alisema. "Ile ile ya chini. Nilidhani nimekwisha kuisahau. Hebu njoo."

Akagonga mkeka kando yake. Nikakaa. Akaushika mkono wangu na mkono wake uliokuwa mgumu kama gome, akanitaka tuanze tena, na tukaanza tena, na mara nyingine, na kila alipofika kwenye ndege aliniangalia kuona kama nitangoja, nami nilingoja. Majirani walikuja wakakaa. Mmoja akauliza ni nani huyu, Bibi akajibu, "Huyu ndiye mwalimu." Nilijaa mpaka nikahisi nitapasuka. Sikufikiria masikio, wala kinanda.

Nilipoinua macho nilimwona Hadija. Alikuwa bado amesimama palepale aliposimama tangu tulipofika, ila furaha ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa anaangalia mkono wa bibi yake juu ya mkono wangu. Kisha akageuka kama anayetaka kwenda kutazama chungu jikoni, na hapakuwa na chungu.

Nilipaswa kufurahi, na kwa kitambo kidogo nilifurahi, siwezi kusema vinginevyo. Halafu furaha ile ikapata ladha ya shaba mdomoni. Nilijua hasa kilichokuwa kinampata, mahali kinapoanzia kifuani na jinsi kinavyopanda kooni. Nilijua pia kwamba neno lolote jema ambalo ningemwambia lingekizidisha.

Nikasogea. Upande wa pili wa Bibi mkeka ulikuwa mtupu, nikaupigapiga kwa kiganja.

"Njoo ushike sauti ya kwanza," nilimwambia. "Mimi peke yangu siuwezi."

Hadija alinitazama kwa muda, akijaribu kuona kama namhurumia. Kisha akaja, akakaa, mgongo umenyooka, bila kunigusa. Bibi akavuta pumzi. Sote wawili tukafungua midomo, kila mmoja akisikiliza kwanza kama mwenzake ameimba vizuri kuliko yeye.